Namna ya Kumpa Mbwa Sauti Anapoachwa Peke Yake Nyumbani

Mbwa aliyeachwa peke yake nyumbani hupitia msiba, vita, njaa na sherehe kabla ya saa mbili asubuhi. Anachokosa ni msimulizi. Mwongozo huu ni wa mkaaji wa Bujumbura mwenye mbwa na simu, anayetaka kumrekodi mbwa huyo akiwa amebaki mwenyewe, kisha kuitia ile picha sauti ya yanayopita moyoni mwake, ili jioni umeme ukiwapo nyumba nzima ikae chini kutazama.

Sharti ni moja, na yote yanayofuata yanatoka humo: kila sentensi utakayomtilia mbwa kinywani iwe na ushahidi mwilini mwake. Sikio likiinuka, andika. Mkia ukibanwa katikati ya miguu, andika. Lakini usimtungie fitina ambayo mwili haukuisema. Mbwa wa kweli ana visa vya kutosha, na nitakuonyesha katika hatua ya tano kwamba mbwa wa kutungwa anaweza kumponza wa kweli.

Mfano wetu ni Bobi, mbwa wa kienyeji wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Anaishi nami Kinindo, katika lupango lenye geti la bati, mwembe mmoja na mzee wa zamu anayekaa kibandani karibu na geti. Asubuhi nikitoka, Bobi hubaki sebuleni mpaka zamu amalize kufagia uani na kumfungulia.

Hatua ya kwanza: weka simu mlangoni

Wengi huitega simu mbele ya kitanda cha mbwa au karibu na bakuli lake, wakitarajia kuona maisha yake. Hapo utapata picha ndefu ya kitanda kitupu. Mbwa aliyeachwa huigiza mlangoni, kwa sababu mlango ndio uliokumeza. Iegemeze simu kwenye kopo la maziwa ya unga lililojazwa mchanga, kimo cha macho ya mbwa, ikiuangalia mlango kwa upande ili uone uso wake pamoja na mkia. Ukiiweka juu ya kabati utaona mgongo tu, na mgongo hauna mengi ya kusema.

Iweke katika hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya kazi, rekodi inaweza kukatika, na mlio wenyewe utambadilisha mbwa. Chagua ubora wa kawaida wa 720. Nusu saa ya picha hiyo kwenye simu nyingi hula kati ya gigabaiti 1 na 2. Nusu saa inatosha. Filamu za watafiti zinaonyesha kwamba mbwa anayeteseka akiachwa huanza kuonyesha dalili ndani ya dakika chache za mwanzo, na mbwa mtulivu huwa amelala kabla nusu saa haijaisha.

Chaji simu usiku, maana umeme wa asubuhi hauna ahadi.

Hatua ya pili: acha pua izungumze kwanza

Kosa la waandishi wapya ni kumfanya mbwa aeleze dunia kwa macho. Mbwa huona vizuri samawati na manjano, lakini nyekundu kwake hufifia ikawa kama kahawia au kijivu. Kwa hiyo asikuambie kwamba nyanya nyekundu zimepita dirishani. Akuambie kwamba mama wa nyanya amepita, kwamba jana alikaanga ndagala, na kwamba viatu vyake vimekanyaga yadi ya watu wenye mbuzi. Pua ya mbwa ina vipokea harufu zaidi ya milioni 200. Yetu ina milioni chache tu.

Baada ya pua yaje masikio. Sisi husikia sauti mpaka mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mbwa hufika 45,000. Mwito wa muuza avoka njiani humfikia kabla haujakufikia wewe, na panya wa darini, ambaye sehemu kubwa ya mazungumzo yake hatuisikii kabisa, kwake ni mpangaji mwenye kelele. Macho yawe ya mwisho. Ukifuata mpangilio huo, pua, masikio, kisha macho, sauti yako itakuwa ya mbwa hata kabla hujatafuta cha kuchekesha.

Hatua ya tatu: tamthilia ianze kabla hujaondoka

Mtu anadhani ameondoka pale anapofunga geti. Kwa mbwa ulishaondoka zamani. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula, aliwaonyesha walimwengu kwamba mbwa akizoea ishara inayotangulia chakula, mate humtoka kwa ishara yenyewe. Funguo zako zinafanya kazi hiyohiyo, ila zinatangulia upweke.

Kwa hiyo anza kurekodi ukiwa bado unavaa, na mwandikie mbwa orodha ya ushahidi. Ya Bobi inasomwa hivi:

*"Amevaa viatu vya ngozi. Bado sina wasiwasi, viatu vya ngozi vinaweza kuwa vya kwenda msibani, na msibani kuna mifupa. Amechukua mkoba. Mkoba una harufu ya karanga za juzi. Mama, kaa chini tuzungumze habari ya hizo karanga. Sasa... funguo. Nimezisikia funguo. Hapana. Hapana, Mama. Weka chini hicho chuma."*

Angalia mwili wakati huo: amelamba pua bila chakula kuwapo, amepiga mwayo bila usingizi, amegeuza kichwa huku macho yakibaki kwangu mpaka weupe wake ukaonekana pembeni. Hizo ni dalili za mbwa mwenye mashaka, na kila moja inakudai sentensi.

Sasa linganisha na Jumamosi, siku ya kazi za jamii. Nikitoka na jembe na mabuti, funguo zikiwa mikononi mwa zamu, Bobi hainuki mkekani. *"Jembe. Nenda salama, Mama."* Yuleyule mtu, mlango uleule, pengine muda uleule wa kukosekana. Kinachokosekana ni ishara, na bila ishara hakuna msiba. Rekodi asubuhi hizi mbili kisha uziunganishe. Huhitaji mzaha mwingine.

Hatua ya nne: nusu saa ya Bobi, dakika kwa dakika

Hii ndiyo nyama ya kazi. Tazama rekodi yote mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili andika muda na tendo tu: dakika ya 3, amenusa chini ya mlango. Mara ya tatu ndipo utie maneno. Sekunde kumi za picha zibebe maneno kumi na tano, yasizidi ishirini; ukijaza zaidi utakuwa unasoma mbio kama mtangazaji wa mpira, na tendo lenyewe litapita watu hawajalitazama.

Geti linafungwa. Bobi amesimama mlangoni, sikio zima mbele, mguu mmoja wa mbele umening'inia hewani. Usiseme kitu kwa sekunde tano. Kisha:

*"Ameondoka. Nimeyahesabu maisha yetu pamoja, yalikuwa mazuri. Kulikuwa na bugari. Kulikuwa na vichwa vya ndagala. Sasa basi."*

Dakika ya 2. Ameingiza pua chini ya mlango, anavuta hewa kwa nguvu mpaka vumbi linasogea.

*"Bado yupo mtaani. Amepita kwenye mwembe. Amesimama... amesalimiana na mtu wa mkate. Mtu wa mkate anasalimiwa! Mimi nimeambiwa tu 'kaa hapo'."*

Dakika ya 4. Analia kwa sauti nyembamba, mara mbili, halafu ananyamaza na kusikiliza. Kituo hicho ni muhimu. Mbwa anayeita hungoja jibu, nawe umwachie kimya chake kwenye sauti pia.

*"Mamaaa. ... Hajasikia. Mamaaa. ... Mzee wa zamu amesikia. Anasema 'Bobi, tulia'. Mzee, nakuheshimu, lakini hukuitwa wewe."*

Dakika ya 7. Anaingia chumbani, anatoka na kandambili langu mdomoni, analiweka katikati ya sebule, analilalia kidevu. Hatafuni. Hapa ndipo wengi huandika kwamba mbwa ameteka nyara. Mwili unasema mengine: taya zimelegea, macho yamelegea. Kandambili lina harufu ya mwenyewe, na harufu ndiyo sehemu ya mwenyewe iliyobaki nyumbani.

*"Sikuliiba. Nalitunza. Mtu asije akasema Mama alirudi akakuta mguu wake mmoja hauna ulinzi."*

Dakika ya 11. Kunguru ametua juu ya bati, kucha zinakwaruza. Bobi anaruka, anabweka mara tatu, manyoya ya mgongoni yamesimama.

*"Nani huko juu! Shuka kwa ngazi kama watu! Nakujua wewe, ni wewe uliyekula bugari langu Jumapili. Naijua familia yako yote!"*

Kunguru anaondoka kwa sababu zake. Bobi anajikung'uta mwili mzima kuanzia masikio hadi mkia, ilhali hajaloa. Mbwa hujikung'uta hivyo msukosuko ukipita, na hapo ndipo pa kumpa ushindi wake:

*"Amekimbia. Iandikwe."*

Dakika ya 17. Umeme unarudi, friji linaanza kunguruma. Bobi anageuza kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

*"Friji limeamka. Shikamoo, mzee. Umekaa na nyama usiku kucha gizani bila kula. Mimi nisingeweza."*

Dakika ya 22. Anazunguka mara moja, mara mbili, anajitupa kwenye sakafu ya saruji palipo na ubaridi, anatoa pumzi ndefu puani. Bujumbura ina joto, na mbwa hutoa jasho kidogo sana nyayoni. Akihema ulimi nje anajipoza. Kwa hiyo usimwandikie hofu kila anapohema. Kwanza angalia kama jua limemfikia alipolala, kama maji yapo, kama dirisha limefunguliwa. Akihema kivulini, asubuhi ya baridi ya mvua, mlango ukiwa ndiyo kwanza umefungwa, hapo unaweza kuandika hofu.

*"Nitafumba jicho moja. Jingine linalinda nyumba. Au nifumbe yote, kunguru amekwisha kuonywa."*

Dakika ya 26 amelala, na miguu inatikisika. Zima sauti. Mbwa aliyelala hasemi.

Hatua ya tano: futa kisasi, futa na hatia

Sasa nirudi kwenye sharti nililoanza nalo. Vichekesho viwili huja vyenyewe kila mtu anapomsemea mbwa. Cha kwanza: "Umeniacha? Basi nitakula kiatu chako, ukome." Cha pili huja jioni, mbwa ameinamisha kichwa mbele ya mto uliochanika: "Nisamehe, Mama, shetani alinipitia." Vyote viwili vinachekesha. Vyote viwili si vya kweli, na vinamfanya mbwa apigwe.

Kile kichwa kilichoinama kimechunguzwa. Mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha mwaka 2009 jaribio lililopangwa kwa ujanja. Mwenye mbwa alimkataza mbwa kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Mara nyingine mbwa alikila, mara nyingine hakukila, na mwenyewe alipoingia aliambiwa ama ukweli ama uongo kuhusu lililotokea. Ule uso tunaouita wa hatia ulijitokeza zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, awe mbwa amekosa au hakukosa. Mbwa alikuwa akiusoma uso wa mtu aliye mbele yake. Dhambi ya asubuhi haikuhusika.

Kwa hiyo jioni, mto ukiwa umechanika na wewe umesimama na mikono kiunoni, sentensi ya kweli ni hii:

*"Mama amerudi! Mbona nyusi zimekutana? Nani kamkasirisha? Ngoja nijifanye mdogo, kisha nimlambe mkono. Anatazama ule mto. Naam, ulikuwapo. Mto umefanya nini?"*

Nao ule uharibifu, usome mahali ulipo kabla ya kuuandikia. Makwaruzo ya kucha kwenye fremu ya mlango, bati la geti lililokunjwa, wavu wa dirisha uliochanika, mate sakafuni karibu na kizingiti: huyo ni mbwa aliyetaka kutoka akufuate, mara nyingi katika zile dakika za kwanza. Kiatu kimoja kilichotafunwa taratibu uani saa tano asubuhi ni mbwa aliyekosa kazi, hasa akiwa mchanga mwenye meno yanayowasha. Wa pili mpe mfupa mkubwa mbichi, au kopo lililopakwa bugari na supu ya samaki ndani. Wa kwanza, zima kamera uanze hatua ya saba.

Hatua ya sita: kurudi

Mwisho wa filamu ni rahisi, lakini una jambo la kujua. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden, Therese Rehn na Linda Keeling, walichapisha kazi yao ya kuwarekodi mbwa walioachwa nyumbani kwa nusu saa, saa mbili na saa nne. Mwenye mbwa akirudi baada ya saa mbili, mbwa alimpokea kwa nguvu zaidi kuliko baada ya nusu saa: mkia zaidi, kujikung'uta zaidi, bidii zaidi. Lakini kati ya saa mbili na saa nne mapokezi hayakutofautiana. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba mbwa hajui tofauti ya saa mbili na nne. Walichokiona ni mapokezi tu. Nawe fuata hivyohivyo: usimpe mbwa saa ya ukutani. Asiseme "umechelewa saa tatu." Aseme *"ulikuwa umeisha, sasa upo tena."*

Hapa kwetu ishara za kurudi zimevurugika. Mbwa wengi wa Bujumbura walizoea mlio wa gari la nyumbani na waliutambua likiwa bado kwenye kona. Tangu uhaba wa mafuta ushike miaka hii, gari linaweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa, nawe ukarudi kwa miguu baada ya foleni ndefu ya basi, saa yoyote. Mbwa aliyekuwa akingoja mlio sasa anangoja hatua. Katika rekodi za jioni utaona magari ya jirani yakipita naye hashtuki. Kisha kiatu kinagusa changarawe, na sikio lililolala linasimama kabla zamu hajanyanyuka kwenye kiti.

*"Huyo! Kisigino cha kulia kizito kuliko cha kushoto! Harufu ya basi, ya watu arobaini, ya mukeke wa kukaanga... ana mfuko! Mama ana mfuko! Mzee wa zamu, fungua geti, unangoja nini, huna pua?"*

Hatua ya saba: ukiona haya, weka kalamu chini

Kuna rekodi zisizotiwa sauti. Mbwa analia bila kituo nusu saa nzima, anazunguka mlangoni njia ileile, anadondosha mate, anajikojolea ingawa hajikojolei ukiwapo, au hagusi kipande cha nyama ulichomwachia mpaka urudi. Huyo anaogopa kwelikweli. Kumpiga kunaongeza hofu, na kumletea mbwa wa pili mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa anayemkosa ni wewe. Jaribu kwanza kumwacha na zamu uani, ukarekodi tena. Wapo wanaotulia kwa mtu yeyote waliyemzoea, na wapo wanaomtaka mtu mmoja tu.

Akiwa wa kundi la pili, dawa ni kuanza na sekunde. Siku za mwanzo chukua funguo, kaa nazo, kula chakula cha mchana nazo kiunoni, mpaka zisitangaze tena lolote. Kisha toka nje ya mlango, hesabu tano, rudi bila shangwe. Akitulia, fika kumi. Akitulia tena, ishirini. Kipimo si uvumilivu wako, ni mwili wake: ukisikia kilio au kucha mlangoni, umeruka ngazi, rudi kwenye muda wa jana. Dakika ya kwanza inaweza kula wiki kadhaa, na katika muda huo ni vizuri asiachwe peke yake kabisa, awe na zamu, jirani au shangazi. Isipoonekana nafuu, peleka rekodi yenyewe kwa daktari wa mifugo. Itamwonyesha zaidi ya maelezo yako, kwa sababu mbele ya daktari mbwa huyo hayuko peke yake.

Wote waliobaki, wenye kandambili, kunguru na mafriji, wape sauti. Isome kwa sauti yako ya kawaida, bila kuibana iwe ya katuni. Na ukimaliza, icheze mara moja ukiwa umeziba masikio: kama picha peke yake haikuelezi karibu yale yale, rudi kwenye maneno uyapunguze.